Kundi la Sifuri Ndilo Lililovuta Mstari

Hotuba hii ilitolewa Malindi mbele ya wauguzi wa utafiti, makarani wa takwimu na wanafunzi wa afya ya jamii. Inawekwa hapa kamili kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Slaidi zimeachwa, hesabu zimebaki.

Bwana Mwenyekiti, wenzetu mliotoka Lamu kabla ya jua kuchomoza, ndugu zangu nyote, asalaam aleikum, na hamjambo.

Nimekuja kuzungumza juu ya tarakimu moja tu. Mnaifahamu. Inakaa pembeni mwa jedwali, upande wa kulia kabisa, baada ya makundi yote ya dozi kuorodheshwa kutoka dogo hadi kubwa. Imeandikwa "p ya mwelekeo". Mmeisoma mara ngapi? Na ni mara ngapi mwandishi alikwambieni imetokana na nini?

Tuanze jikoni.

Tuseme mtafiti amewauliza akina mama 800 wa mitaa ya Malindi kuhusu moto wa kuni na kikohozi cha muda mrefu. Nasema tuseme, kwa sababu takwimu hizi nimezitunga za kufundishia, msiende kuzitangaza redioni. Akina mama 200 wanapikia gesi tu. Hao saa zao za moshi wa kuni ni sifuri. Mia mbili wengine wanakaa mbele ya mafiga chini ya saa 2 kwa siku. Mia mbili wanakaa saa 2 hadi kasoro ya 4. Na mia mbili wa mwisho wanakaa saa 4 na zaidi: huyu ndiye mama wa mahamri, anayewasha kuni kabla ya adhana ya alfajiri na bado yuko pale watoto wakienda shule.

Sasa kikohozi. Kwa wenye gesi, 10 kati ya 200. Kundi la chini, 30 kati ya 200. Kundi la kati, 32 kati ya 200. Kundi la juu, 30 kati ya 200.

Mtafiti wetu anayapa makundi alama 0, 1, 2, 3, anafanya jaribio la Cochran na Armitage, lile lililotokana na makala zao za 1954 na 1955, na anapata p = 0.003. Anafurahi. Anaandika: "Kikohozi kiliongezeka kadiri saa za moshi zilivyoongezeka (p ya mwelekeo = 0.003)."

Rudini kwenye hesabu. Thelathini, thelathini na mbili, thelathini. Kiliongezeka wapi?

Kiliongezeka mara moja tu, kutoka gesi kwenda kuni. Baada ya hapo, mama wa saa moja na mama wa saa sita wanakohoa sawasawa. Sentensi ile inasema kuna ngazi ya kupanda hatua kwa hatua, na jedwali linaonyesha kizingiti kimoja cha mlango, kisha sakafu tambarare.

Je, kompyuta ilikosea? Haikukosea hata kidogo. Jaribio la mwelekeo halioni makundi manne. Linaona mstari mmoja ulionyooka, likauliza swali moja: je, mteremko wa mstari huu ni sifuri? Likiona mteremko si sifuri, linasema hivyo, basi. Haliambii mtu kwamba kila kundi limelizidi lililotangulia. Haliambii kwamba umbo ni mstari. Kazi ya kusema jedwali lina umbo gani ni ya macho yako, na macho hayo lazima uyape makundi yote pamoja na idadi zake, siyo p peke yake.

Sasa fanyeni kitu kimoja. Waondoeni wenye gesi, mbaki na wapikaji wa kuni 600, na mrudie jaribio lilelile. Safari hii tuyape makundi mediani za saa zao, tuseme saa 1, saa 3 na saa 6. Kwa programu ya R ni mistari miwili:

```
prop.trend.test(c(10,30,32,30), rep(200,4), score=c(0,1,3,6))
prop.trend.test(c(30,32,30), rep(200,3), score=c(1,3,6))
```

Mstari wa kwanza, makundi yote manne, unatoa p = 0.018. Wa pili, bila sifuri, unatoa p = 0.97. Nairudia kwa walio nyuma: 0.97. Mwelekeo wote ulikuwa ni kundi la sifuri linauvuta mstari kwa kamba upande mmoja.

Kuna namna ya kuliona jambo hili hata kabla ya kuondoa mtu. Chukua kai-mraba ya jumla, ile inayouliza tu kama makundi manne yanatofautiana kwa vyovyote vile. Hapa ni 14.52, kwa digrii 3 za uhuru. Toa ile ya mstari, ambayo kwa alama za mediani ni 5.57, kwa digrii 1. Kinachobaki ni 8.95 kwa digrii 2, p yake karibu 0.011. Mabaki hayo ndiyo tofauti ambayo mstari umeshindwa kuieleza, na ni makubwa kuliko yale ambayo mstari umeyaeleza. Anayeripoti ile 5.57 akaficha 8.95 amekuuzia samaki kwa kichwa.

Kwa nini sifuri ina nguvu hivi? Kwa sababu wasioguswa kabisa mara nyingi si watu walewale waliopungukiwa dozi. Ni watu wengine. Mama anayepikia gesi tu yumkini ana pato tofauti, jiko lenye madirisha tofauti, pengine hata mume asiyevuta sigara ndani. Anaingia kwenye jedwali lako kama "saa sifuri", lakini amekuja na mzigo mzima wa mambo mengine. Ndani ya wapikaji wa kuni, tofauti hizo angalau zimepungua, hazijaisha. Ndiyo maana nawaombeni: sifuri ikiwepo, jaribio lifanywe mara mbili, pamoja nayo na bila yake, na yote mawili yaandikwe. Kwenye maabara, ambako panya wa dozi sifuri wametoka kizimba kimoja na wenzao na wamegawanywa kwa kura, hofu hii haipo; huko sifuri ni dozi kama dozi nyingine.

Mtu ataniuliza: basi ukiondoa sifuri kila mwelekeo utakufa? La. Nendeni London, 1950. Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwalinganisha wanaume 649 wenye saratani ya mapafu na wanaume 649 wagonjwa wa maradhi mengine. Wasiovuta sigara kabisa walikuwa 2 upande wa saratani na 27 upande wa pili. Wangeishia hapo, ungesema: hao 27 ni watu wa aina yao, pengine wana dini, pengine wana lishe nzuri. Lakini hawakuishia hapo. Waliwatazama wavutaji peke yao, kwa idadi ya sigara za kila siku. Waliovuta 25 au zaidi kwa siku walikuwa asilimia 26 ya wavutaji wenye saratani, na asilimia 13.5 tu ya wavutaji wa upande wa pili. Ngazi ilikuwepo ndani ya wavutaji wenyewe, bila kuazima nguvu ya wasiovuta. Miaka kumi na mitano baadaye, 1965, Hill alipotoa orodha yake ya mambo tisa ya kupima kabla ya kusema kitu kimesababisha ugonjwa, ngazi ya dozi ilikuwa mojawapo. Ngazi ya namna ile ndiyo hoja, na jedwali letu la jikoni halinayo.

Lakini ngojeni, msikimbilie upande wa pili. Nimeona watu wakipata p kubwa kama ile 0.97, kisha wanaandika: "Miongoni mwa wapikaji wa kuni, saa za moshi hazina uhusiano na kikohozi." Hilo nalo ni kosa, tena ni kosa pacha wa lile la kwanza.

Tazameni mteremko wenyewe badala ya p. Weka saa za mediani kama namba kwenye regresheni ya lojistiki, kwa wapikaji wa kuni tu. Uwiano wa odi kwa kila saa moja inayoongezeka ni 1.00, na masafa ya uhakika ya asilimia 95 ni 0.90 hadi 1.11. Yanaonekana membamba, sivyo? Sasa yapeleke kutoka saa 1 hadi saa 6, yaani hatua tano. Ipandishe 1.11 kwa kipeo cha tano, na kule chini 0.90 vivyo hivyo, kwa tarakimu kamili kabla ya kukatwa. Unapata 0.58 hadi 1.70. Maana yake nini? Maana yake takwimu hizi haziwezi kukataa kwamba mama wa mahamri ana odi za kikohozi zilizozidi za mwenzake wa saa moja kwa asilimia 70. Ongezeko la namna hiyo mtu angelipuuza? Asingelipuuza. Hatujui tu kama lipo. P ya 0.97 haikusema sakafu ni tambarare. Imesema mstari uliochorwa umelala, na masafa ndiyo yanayokwambia unaweza kuinuka kiasi gani bila kugombana na takwimu.

Tena saa zile zimetoka kwenye kumbukumbu. Muulize mtu alikaa jikoni saa ngapi jana, atakwambia "kama saa tatu hivi". Wengine walio kundi la kati ni wa chini, wengine ni wa juu, na kuchanganyikana huko kwa kawaida hulainisha ngazi. Hilo nalo liandikwe, kwa sentensi moja.

Sasa niende kwenye alama, maana hapa ndipo nimepanga kukaa, na ndipo taarifa nyingi zinanyamaza.

Mnakumbuka jaribio letu la kwanza kwa makundi manne lilitoa 0.003 kwa alama 0, 1, 2, 3, kisha likatoa 0.018 kwa alama 0, 1, 3, 6. Akina mama ni walewale, vikohozi ni vilevile. Kilichobadilika ni alama tulizozibandika sisi. Kwa hiyo anayeandika "p ya mwelekeo = 0.003" bila kusema alama zake amekupa nusu ya habari. Na aliyejaribu zote mbili kisha akachagua iliyomfurahisha amefanya jambo ambalo halina jina zuri.

Alama 0, 1, 2, 3 zinadai nini? Zinadai kwamba kila hatua ina urefu sawa. Watu wa Lamu, nawageukia nyinyi sasa, kwa sababu mfano wa visima mnaujua kuliko mimi. Tuseme mnapima chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji ya visima, kwa miligramu kwa lita, kisha mnavigawa visima kwa robo nne zenye nyumba sawa. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya chini ya 600 hivi huonekana mazuri mdomoni, na yakizidi 1,000 huanza kukataliwa na ulimi. Tuseme mediani za robo zenu ni 400, 600, 900 na 3,000, kwa sababu robo ya mwisho ina visima vilivyokaribiana na bahari. Ukitoa alama 1, 2, 3, 4, umesema kutoka 400 hadi 600 ni safari sawa na kutoka 900 hadi 3,000. Moja ni miligramu 200, nyingine ni 2,100. Nani katika nyinyi angekubali kwamba kutoka jeti ya Lamu hadi Shela ni sawa na kutoka jeti hadi Faza?

Basi tutumie mediani. Vizuri, na mara nyingi ndiyo ningependelea, ila nayo ina bei yake. Wastani wa alama hizo nne ni 1,225. Robo ya juu iko mbali na wastani huo kwa 1,775, ilhali nyingine ziko mbali kwa 825, 625 na 325. Nguvu ya kundi juu ya mteremko huenda kwa mraba wa umbali wake. Pigeni hesabu: robo ya juu peke yake inabeba karibu asilimia 73 ya nguvu yote. Kwa alama 1 hadi 4 ingebeba asilimia 45, sawasawa na robo ya chini. Kwa hiyo mwelekeo wenu wa mediani, kwa kiasi kikubwa, ni swali kuhusu visima vya ufukweni. Nyumba za ufukweni zikiwa na jambo lao jingine, tuseme ni za wazee zaidi, mstari wote unainama kuelekea kwao. Hilo halikatazi kutumia mediani. Linadai tu kwamba msomaji aone mediani zenyewe, namba kwa namba, ili apime mwenyewe.

Na kundi la juu lisilo na kikomo, lile la visima vya ufukweni au la "saa 4 na zaidi", msilibunie katikati yake kichwani. Chukueni mediani ya watu waliomo kweli. Wastani wa kawaida huko juu huvutwa na kisima kimoja kilichoingiliwa na bahari.

Kuna hitilafu nyingine ambayo inatupata sisi tunaoandika majina ya makundi kwa Kiswahili, na nimeshangaa kwamba haizungumzwi. Mtu ameandika makundi yake "sifuri", "chini", "kati", "juu". R ikiachwa ijipangie, hupanga kwa alfabeti. Semeni nami: chini, juu, kati, sifuri. Akiyageuza kuwa namba, chini inakuwa 1, juu inakuwa 2, kati inakuwa 3, na wenye gesi wanakuwa 4, wa moshi mwingi kuliko wote! Jaribio linafanyika bila kulalamika, p inatoka, jedwali linachapwa. Dawa yake ni hii:

```
moshi <- factor(moshi, levels=c("sifuri","chini","kati","juu"))
saa <- c(sifuri=0, chini=1, kati=3, juu=6)[as.character(moshi)]
table(moshi, saa)
```

Mstari wa tatu msiuruke. Kila safu mlalo ya jedwali hilo iwe na namba katika safu wima moja tu, nayo iwe ile mliyokusudia. Ukiona watu wa "juu" wamekaa kwenye safu wima ya 1, simama hapo.

Umbo lenye bonde nitalipitia haraka. Pale ambapo hatari iko juu kwa walio chini kabisa na kwa walio juu kabisa, kama inavyoonekana kwa uzito wa mwili na vifo, pande mbili hukatana na mteremko hulala. P kubwa hapo haina habari yoyote ya maana. Chora umbo kwanza.

Vilevile, jaribio la Cochran na Armitage halijui umri wala uvutaji sigara. Ukitaka kuyarekebisha hayo, alama ziingie kama namba kwenye modeli ileile iliyotoa uwiano wa makundi yako, yenye vigeu vilevile. Nimeona jedwali ambalo uwiano umerekebishwa na p ya mwelekeo haikurekebishwa, na msomaji hana njia ya kugundua.

Mwisho, kuandika. Mwongozo wa STROBE wa 2007, ule wa kuandika taarifa za tafiti za uchunguzi, unataka mwandishi aeleze mipaka ya makundi na kwa nini aliikata hapo. Kwenye sehemu ya mbinu, basi, mtafiti wetu wa jikoni ataandika hivi:

"Saa za moshi wa kuni kwa siku ziligawanywa katika makundi manne: 0, chini ya 2, 2 hadi kasoro ya 4, na 4 au zaidi. Mipaka iliwekwa kabla ya kutazama kikohozi. Mwelekeo ulipimwa kwa kuingiza mediani ya kila kundi (0, 1, 3, 6) kama namba kwenye regresheni ya lojistiki, kwa washiriki wote na kisha kwa wapikaji wa kuni tu."

Na kwenye matokeo:

"Ikilinganishwa na wapikaji wa gesi, uwiano wa odi ulikuwa 3.35 (1.59 hadi 7.06) kwa kundi la chini, 3.62 (1.73 hadi 7.58) kwa la kati, na 3.35 (1.59 hadi 7.06) kwa la juu. Kwa washiriki wote, uwiano kwa kila saa ulikuwa 1.11 (1.02 hadi 1.21), lakini mstari haukulingana vizuri na makundi (p ya mabaki = 0.011). Kwa wapikaji wa kuni peke yao ulikuwa 1.00 (0.90 hadi 1.11). Tofauti iliyoonekana ni kati ya gesi na kuni. Kuhusu saa ndani ya wapikaji wa kuni, takwimu hazitoshi kuamua."

Mmoja wenu ameniletea karatasi hapa mbele, anauliza: na jarida likinipa nafasi ya safu moja tu pembeni mwa jedwali? Ndugu yangu, iache p. Weka mteremko kwa kila saa pamoja na masafa yake, na chini ya jedwali, kwa herufi ndogo, andika alama nne na useme kama sifuri imo au haimo.